Kujifunza Kiarabu ukiwa na miaka 58: makopo matatu na kuhesabu hadi kumi

Mama mdogo anauza zabibu soko la Majengo, hapa Dodoma. Binti yake yuko Maskati, anakaribia kujifungua, na mama anataka kwenda kumwuguza. Wiki ya kwanza ya kumfundisha Kiarabu alinikatisha tamaa: "Mwanangu, kichwa kimeshajaa, hakishiki." Tulivyofanya ni hivi.

1. Miwani ya kusomea kwanza. Nusu ya "kusahau" kwake ilikuwa kutoona herufi.

2. Kata manila kadi ndogo. Upande mmoja Kiswahili, wa pili Kiarabu kwa herufi zetu. Maneno matano kwa siku, basi. Kadi zinakaa kwenye makopo matatu, nitayaeleza chini. Sukari, samaki na sabuni usiandike; hayo anayo tayari. Ila "rahisi" muandikie, maana kwa Kiarabu ni bei nafuu tu. Jambo jepesi ni "sahl". Na muulize aliyeko huko: kitabu kilitufundisha "nafidha", binti akacheka, mtaani kwao wanasema dirisha!

3. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Nilikuwa namwonyesha upande wa Kiarabu, anatafsiri vizuri, nadhani amejua. Akipigiwa simu, kimya. Kutambua neno si kulitoa. Onyesha Kiswahili, yeye atoe Kiarabu.

Nikasema "ufunguo". Akaniangalia, midomo ikaanza "mi... mi...", nikamwacha ahangaike dakika nzima. Akatoa "misbah", yaani taa. Siku tatu mfululizo, ufunguo ukawa misbah. Makosa mawili yangu: nilimfundisha miftah, yaani ufunguo, na misbah siku moja, na nilimwacha akwame mpaka akalizoea kosa.

Sasa nahesabu kimoyomoyo hadi kumi, bila kumkatiza, kwa sababu umri unachelewesha kulipata neno hata kama lipo. Likikataa, nampa silabi moja: "mif". Likija lote, neno limo, njia tu ndiyo ndefu. Kadi ibaki kopo lilelile. Lisipokuja hata kwa silabi, halijashika: mpe jibu, alitamke ndani ya sentensi, "Wen al-miftah?", yaani ufunguo uko wapi, kisha muulize tena baada ya kadi tano. Kadi hiyo irudi kopo la kwanza.

Kopo la kwanza ni la kila siku, la pili kila siku ya tatu, la tatu kila wiki. Akipatia bila msaada, kadi inapanda. Mimi nayapenda makopo ya maziwa kuliko programu za simu. Zile zinamharakisha kwa saa inayorudi nyuma, naye akiona sekunde zinakwisha anasahau hata anachokijua.

4. Dakika kumi asubuhi kabla ya soko, kumi jioni. Usiku sana hapana.

Kuhusu woga wake: kukwama kwenye miftah si ugonjwa. Angepotea njia ya Majengo aliyoipita miaka ishirini, ningempeleka hospitali.

Juzi binti alipiga video. Mama akamwuliza jirani wa Kiomani, "Wen al-miftah?" Ufunguo wa nini, hata sisi hatukujua.