Ova sita za pawaplei: namna ya kuwapanga wazuiaji bila kupigiwa nobo

Kijana mmoja aliyepewa unahodha wa timu yetu ya pili hapa Dar alinifuata baada ya mazoezi akiwa na karatasi yenye vidoti. "Kaka, hawa wawili wa nje niwaweke wapi?" Tukakaa mpaka giza likaingia. Haya ndiyo niliyomwambia, nimeyapanga kidogo. Nazungumzia mechi za kriketi za ova 20, ambako katika ova sita za kwanza, yaani pawaplei, ni wazuiaji wawili tu wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara mrushaji anapoachia mpira. Nachukulia kwamba majina ya nafasi unayajua.

Hatua ya 1: Kagua duara

Duara hupimwa kwa mita 27.43 kutoka kijiti cha kati cha kila upande. Kwenye viwanja vyetu visahani vyake hupigwa teke na watoto, kwa hiyo beba kamba ukapime kabla ya mechi. Basi.

Hatua ya 2: Wachague wawili kwa kumtazama mrushaji wako

Manahodha wengi huanza kwa kuuliza mpigaji anapenda kupiga wapi. Mimi naanza na mrushaji wangu: akikosea, hukosea wapi? Mrushaji wa kasi mwenye mpira mpya unaopinda kwenda nje akikosea huutupa mfupi upande wa ofu, au huufuata mwili na kuangukia miguuni. Makosa yote mawili huishia nyuma ya wiketi. Kwa hiyo wawili wangu wa nje ni thadi meni na faini legi. Ndani wanabaki saba: slipu, pointi, kava, mid-ofu, mid-oni, mid-wiketi na skwea legi. Kupigwa juu ya vichwa vya mid-ofu na mid-oni nakubali, maana kwa mpira unaopinda hilo ndilo pigo gumu kuliko yote.

Hatua ya 3: Hesabu upya kila mpigaji anapobadilika

Hapa ndipo niliposoma kwa machozi, kwa hiyo nivumilie.

Wapigaji wakiwa wote wa mkono wa kulia, mpango wako unakaa tuli. Akiwepo mmoja wa kushoto, kila mkimbio mmoja unaugeuza uwanja mzima: ofu inakuwa legi, legi inakuwa ofu. Katika mechi moja niliweka nje thadi meni na skwea legi wa mpakani. Wa kulia akachukua mkimbio mmoja, wa kushoto akaja kupokea. Kumvusha skwea legi wangu uwanja mzima ni safari ndefu, kwa hiyo nikatumia njia ya mkato. Pointi arudi mpakani awe skwea legi mpya, na yule wa mpakani aingie ndani awe pointi. Pointi alisikia, akarudi. Mwenzake alisikia nusu, akasimama hatua moja nje ya visahani. Nje wakawa watatu.

Mrushaji akaachia mpira, vijiti vikaruka, tukashangilia. Mwamuzi wa skwea legi alikuwa amenyoosha mkono: nobo. Wiketi ikafutwa, wakapata mkimbio wa bure, kisha ikaja fri-hiti, ambapo mpigaji hatoki hata mrushaji akimvunjia vijiti. Na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye fri-hiti mpigaji akiwa ni yuleyule, huruhusiwi kupanga uwanja upya. Kwa kuwa nobo ilitokana na wazuiaji, unaruhusiwa kurekebisha kosa lile tu, yaani yule aliyezidi aingie ndani. Nilitaka kumpeleka mid-oni mpakani, mwamuzi akakataa. Mpira uliofuata ulipita juu ya kichwa cha mid-oni, ukawa sita.

Usiku ule nilichora uwanja mara kadhaa mezani ndipo nikaona nilichokuwa nakikosa. Rudi kwenye mpango wa hatua ya 2. Akija wa kushoto, thadi meni anakuwa faini legi pale pale alipo, na faini legi anakuwa thadi meni. Pointi na skwea legi wanabadilishana majina, kava na mid-wiketi vilevile, mid-ofu na mid-oni vilevile. Anayetembea ni slipu peke yake, na yuko ndani. Hesabu ya nje haiguswi. Ndiyo maana wapigaji wakichanganyika mikono nang'ang'ania jozi inayolingana, hata kama mpango mwingine unapendeza zaidi kwenye karatasi.

Anayehesabu awe mlinda wiketi, kwa sababu ndiye anayewaona wengi wao bila kugeuka. Ahesabu wa nje kwa vidole, ainue mkono, ndipo mrushaji aanze kukimbia. Nahodha akiwa mrushaji pia, asijidanganye kwamba ataweza kuhesabu. Na hesabu ya pili: nyuma ya mpigaji upande wa legi wasizidi wawili, mbali na mlinda wiketi. Sheria hiyo haiishi pawaplei inapoisha, na kuivunja nayo ni nobo.

Hatua ya 4: Ukimtoa mmoja, badilisha na mpira

Tuseme mpigaji ameshuka hatua mbili na kukupiga juu ya mid-ofu. Unamrudisha mid-ofu mpakani, na ili wa nje wabaki wawili unamwingiza thadi meni. Sawa, lakini sasa mpira mfupi nje ya ofu ni nne ya bure nyuma ya wiketi. Kuanzia hapo mrushaji aulenge mpira karibu na miguu ya mpigaji, kwenye vijiti. Nimeona uwanja ukibadilishwa halafu mrushaji anaendelea na mpira uleule wa zamani. Akija wa kushoto, yule aliyeingia ndani anakuwa faini legi wa karibu, kwa hiyo usiuelekeze mpira kwenye miguu yake.

Hatua ya 5: Ukiwa unapiga

Kabla ya kila mpira watafute wale wawili. Kwingine kote huhitaji kufika mpakani kwa hewa, inatosha mpira uvuke vichwa vya walio ndani, chini yake ni nyasi tupu. Sri Lanka waliijenga Kombe la Dunia la 1996 juu ya wazo hilo, enzi ambazo wawili wa nje walidumu ova 15. Jayasuriya na Kaluwitharana waliwashambulia warushaji tangu mpira wa kwanza. Kenya walilipata pale Kandy: mikimbio 398 kwa wiketi tano. Ila nyasi zikiwa ndefu au zimelowa, mpira huo hufa njiani na unapata miwili tu. Hapo mimi nacheza chini na kukimbia.

Hatua ya 6: Ova ya saba

Wa nje wanaruhusiwa kufika watano. Nne za kirahisi zinakauka, mikimbio mmojammoja inafunguka, na hapo ndipo namwingiza mrushaji wa kuzungusha. Panga kabla ova ya sita haijaisha nani watatu wanatoka, mwamuzi hatakusubiri. Kwa ova 50 ngazi ni tatu: wawili nje katika ova 10 za kwanza, wanne mpaka ya 40, kisha watano.

Mvua ikifupisha mechi, muulize mwamuzi pawaplei imebaki ngapi. Kimataifa, mechi ya ova 10 hubaki na ova tatu, na ya ova nane hubaki na ova mbili na mipira miwili, yaani wazuiaji wanatawanyika katikati ya ova. Mlinda wiketi akumbushwe hilo mapema.