Unga hautoshi matawi yote: jinsi ya kuugawa

Mfano ni wa duka lenye matawi matatu, Kondele, Ahero na Maseno, na stoo kuu moja Kisumu. Kiwanda kimeleta beli 110 za unga wa mahindi, na lori lijalo ni baada ya siku saba.

Hatua ya 1. Hesabu kilichoko kwenye rafu na stoo ya kila tawi. Kwa macho, si kwenye kompyuta. Tuseme Kondele ina beli 12, Ahero 0, Maseno 10.

Hatua ya 2. Tafuta mauzo ya siku moja. Hapa ndipo watu hukwama.

Ripoti ya wiki iliyopita inasema Kondele iliuza beli 56, Ahero 30, Maseno 28. Ukigawa kwa uwiano huo, Ahero inapata beli 29 hivi. Lakini Ahero iliuza hizo 30 kwa siku tatu, kisha rafu ikabaki tupu siku nne. Ripoti haiwezi kuonyesha mteja aliyegeuka akaenda zake. Kwa hiyo gawa mauzo kwa siku ambazo unga ulikuwepo: Kondele 8 kwa siku, Ahero 10, Maseno 4.

Utajuaje uliisha lini? Usiamini salio la mfumo. Linaweza kuonyesha beli tatu ambazo ni pakiti zilizopasuka. Fungua risiti. Tawi linalouza unga kila saa likinyamaza ghafla Jumatano alasiri, uliisha hapo.

Kisha chunguza hizo siku tatu zenyewe. Kama mwenye kioski alibeba beli kumi kwa mkupuo baada ya kusikia bei inapanda, ziondoe. Kama kulikuwa na siku ya soko, punguza kidogo. Maseno, uliza kama wanafunzi wa chuo wapo au wamefunga. Na matawi yakikaribiana, lile lililobaki na unga huuzia wateja wa jirani yake, hivyo mauzo yake yamevimba.

Hatua ya 3. Jumlisha unga wote, 110 za kiwanda na 22 zilizoko matawini, upate 132. Mauzo ya siku ya matawi yote matatu pia ni 22. Gawa 132 kwa 22: kila tawi litapata unga wa siku sita. Kwenye Excel, mauzo ya siku yakiwa safu C, salio safu B, na hizo siku sita ziko G1, mgao wa tawi ni:

```
=C2*$G$1-B2
```

Kondele 36, Ahero 60, Maseno 14. Tawi likitoa namba hasi, lipe sifuri, liondoe pamoja na salio lake, upige hesabu upya kwa yaliyobaki.

Hatua ya 4. Pakia, lakini si zote. Mimi hubakisha beli 20 stoo kuu: 15 za Ahero na 5 za Kondele. Maseno ipeleke zote 14, kwa sababu gari kurudi kule na beli mbili ni hasara ya mafuta. Meneja wa tawi atapiga simu akilalamika. Mwambie akutumie mauzo ya siku mbili kwanza. Kasi ya Ahero ikiwa 7 badala ya 10, sehemu ya hizo 15 inahamia Kondele kabla haijatoka stoo.