Somo: Kuvunja mitihani iliyopita kuwa benki ya maswali kwa mada, pamoja na mwongozo wa kusahihisha

Benki nyingi za maswali huharibikia mahali pamoja: swali zima linahamishwa kama lilivyo na kuwekwa chini ya mada moja. Swali la mtihani halikutungwa hivyo. Kipengele (a) kinaweza kupima mada moja, (c) kikapima nyingine, na mwanafunzi anayekosa (c) hujui amekwama wapi. Kwa hiyo kizio cha benki ni kipengele, si swali. Somo hili linatumia mfano wa fizikia, ila hisabati na kemia hufuata njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Tenga kabla ya kukata. Karatasi mbili za karibuni kabisa ziache nzima, zitumike kama mtihani wa majaribio. Ukishazikata na kuzisambaza kwa mada, hutapata tena kipimo ambacho wanafunzi hawajakiona.

Hatua ya 2: Kodi na jedwali. Kila kipengele kipe kodi inayorudisha macho kwenye karatasi yake: 2016-K2-S7c ni mwaka 2016, karatasi ya 2, swali la 7, kipengele c. Kwenye spredishiti weka safu hizi: kodi, mada kuu, mada saidizi, kitendo (taja, eleza, kokotoa, chora), alama, kinategemea kipi, hali. Safu ya hali ni ya mtaala: kipengele ambacho mada yake imeondolewa kiandike "kimetoka", usikifute. Mitaala ina tabia ya kurudisha ilichokitupa.

Kama maandishi umeyatoa kwenye picha kwa programu, soma upya kila kipeo na kila alama ya kutoa. 10³ hugeuka 103 bila kelele, na swali linabaki linasomeka vizuri tu. Kosa linagunduliwa darasani.

Hatua ya 3: Kukata. Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua swali kama hili:

Jiwe lenye tungamo ya kilo 2 linaachiwa kutoka kimo cha mita 20 juu ya mchanga. (g = 10 m/s²)
(a) Tafuta nishati ya kimo linayopoteza kwa kushuka hadi kwenye mchanga. (alama 2)
(b) Tafuta mwendokasi wake linapogusa mchanga. (alama 3)
(c) Linazama mita 0.25 kisha linasimama. Tafuta kani ya wastani ya mchanga kulizuia jiwe. (alama 3)

Anayepanga kwa kutazama hadithi ataliweka lote chini ya "vitu vinavyoanguka". Panga kwa kuangalia alama zinapatikana kwa kufanya nini. (a) ni nishati ya kimo. (b) inafanyika kwa uhifadhi wa nishati au kwa kanuni za mwendo, kwa hiyo moja iwe mada kuu na nyingine saidizi. (c) ni kazi na nishati, saidizi yake sheria ya pili ya Newton.

Kipengele (c) hakiwezi kusimama peke yake, kinahitaji utangulizi mpya: "Jiwe la kilo 2 linagusa mchanga likiwa na mwendokasi wa 20 m/s, linazama mita 0.25 kisha linasimama. Tafuta kani ya wastani ya mchanga kulizuia. (g = 10 m/s²)". Usibadili mita 0.25 kuwa sentimita 25 kwa kupendezesha. Utakuwa umeongeza hatua ambayo haina alama. Na kwa kuwa utangulizi huu umetaja jibu la (b), vipengele hivyo viwili visikae kwenye zoezi moja.

Hatua ya 4: Mwongozo wa kusahihisha. Mstari mmoja, alama moja. Kwa (c) iliyosimama peke yake:

Nishati yote ya kuondolewa: ½ × 2 × 20² + 2 × 10 × 0.25 = 405 J (alama 1)
Kazi ya kani: 405 = F × 0.25 (alama 1)
F = 1620 N, kizio kikiwepo (alama 1)

Chini yake andika majibu yenye kosa utakayoyaona. 1600 N ni la aliyesahau kwamba jiwe linaendelea kushuka likiwa ndani ya mchanga, yaani ameacha zile 5 J; anapata alama ya mstari wa pili tu. 1580 N ni la aliyejua uzito unahusika lakini akautoa badala ya kuujumlisha. Andika pia njia ya pili inayokubalika: mchapuko wa kusimama ni 400 ÷ 0.5 = 800 m/s², kisha F − 20 = 2 × 800. Bila mstari huo, msahihishaji mwingine atamnyima alama mwanafunzi aliyefanya sawasawa.

Kumbuka kosa la kurithi. Kwenye swali zima, aliyepata 14.1 m/s katika (b) kisha akafanya (c) kwa usahihi hufikia takriban 815 N na anastahili alama zote 3 za (c). Kwenye toleo lililokatwa kosa hilo halipo, kwa sababu mwendokasi umetolewa. Miongozo ni miwili. Usiuhamishe mmoja kwenda kwa mwenzake.

Hatua ya 5: Hesabu mapengo. Mada ikiwa safu ya B na kitendo safu ya D:

```
=COUNTIFS(B:B,"Kazi na nishati",D:D,"Eleza")
```

Ikirudisha 0 au 1 wakati "Kokotoa" ina 15, mapengo ya kujaza kwa maswali mapya ndiyo hayo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, karatasi ninazo ila miongozo ya usahihishaji sina. Nigaweje alama?*
Fanya swali kwa njia mbili, kisha hesabu hatua zisizoepukika. Alama zilizo kwenye mabano ndizo mpaka wako: hatua zikiwa 5 na alama 3, unganisha zile za kubadili tu tarakimu. Halafu sahihisha kazi tano halisi kwa mwongozo huo. Ukijikuta unaamua jambo ambalo halijaandikwa, liandike hapo hapo.

*Wanafunzi wamekariri majibu. Nikibadili namba inatosha?*
Inatosha ukikokotoa upya mpaka mwisho. Weka kimo cha mita 15 na kina cha mita 0.5 kwenye jiwe lile: kwa nishati moja kwa moja F ni 620 N. Lakini mwendokasi sasa ni √300, na aliyeukadiria kuwa 17.3 atapata 618.6 N. Mwongozo lazima useme "kubali 618 hadi 620", la sivyo utamwadhibu kwa kukadiria.

*Sisi ni walimu wawili na kila mmoja anapanga mada tofauti.*
Chukueni vipengele 20, kila mmoja apange bila kumwona mwenzake. Mkitofautiana zaidi ya mara tatu, tatizo ni majina ya mada. Andikeni sentensi moja chini ya kila mada: nini kinaingia, nini hakiingii.

*Na maswali ya kuchagua?*
Mwongozo wake si herufi ya jibu. Kwa kila chaguo potofu andika kosa linalolizaa, kama 1600 na 1580 hapo juu. Chaguo usiloweza kulielezea lina uwezekano mkubwa wa kuwa la kujazia nafasi, libadilishe.

*Michoro nimeikata lakini inapotea.*
Jina la faili liwe kodi yenyewe: 2016-K2-S7c.png. Mchoro unaotumiwa na vipengele viwili unakiliwa mara mbili.