Ngoma za kabla ya mechi: usianze na ile moto zaidi

Wasee wa timu za mtaa, hii nimeijua baada ya misimu kadhaa ya kubeba spika. Kosa kubwa ni kupiga ngoma kali zaidi mkiingia tu kubadilisha, maana mechi ikianza saa 9 na nyinyi mmeingia saa 7 na nusu, ule moto unaisha mkiwa bado mnafunga kamba za viatu, na wengine wanatoka wamechemka hadi wanacheza rafu dakika ya 2.

Mimi naanza na rumba ama benga ya polepole, watu wapige stori wakivaa. Kama dakika 15 kabla ya kwenda kupasha ndio nabadilisha, naweka zenye mwendo wa mapigo 120 hadi 140 kwa dakika. Kujua ni rahisi, hesabu mapigo kwa sekunde 15 alafu zidisha mara 4, ukipata 30 hadi 35 iko sawa. Mkirudi kutoka kupasha ni ngoma moja tu, ile kila mtu anajua kiitikio, alafu zima kabisa kochi aongee. Na golikipa akitaka kukaa kimya na earphone zake, tafadhali mwacheni.

Mashabiki wa matatu ya kwenda Kasarani, nyinyi pia msiimalize sauti Thika Road. Mmoja aanzishe, wengine waitikie, mpokezane, na maji mnywe njiani.