Jedwali la deliriamu, dimensia na sonona: anza na safu ya umakini

Unapowachorea wauguzi wa wodi ya wazee jedwali hili, usianze na kumbukumbu, maana huharibika katika hali zote tatu. Weka juu safu mbili: tatizo lilianza lini, na umakini ukoje. Deliriamu huanza kwa saa au siku, hupanda na kushuka, na umakini hupotea. Dimensia huja kwa miezi na miaka. Umakini mwanzoni hubaki. Sonona huchukua wiki; mgonjwa hujibu "sijui" kwa uzito, lakini akisubiriwa hufuata swali.

Kipimo: mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume, kuanzia Ijumaa. Mfano wa kufundishia: bibi wa miaka 78 kutoka Makunduchi, juzi akizungumza vizuri, leo kanyamaza, hali chakula, anasinzia. Wengi wataandika sonona. Akitaja Ijumaa, Alhamisi, kisha akapotea, iandike deliriamu mpaka ithibitike vingine, umwite daktari siku hiyo hiyo. Pima sukari, joto na oksijeni, papasa kibofu, uliza choo, na kagua dawa: piritoni na dayazepamu huleta haya sana kwa wazee.

Kipimo hudanganya kwa asiyesikia vizuri na kwa mwenye dimensia iliyokomaa, ambaye pia anaweza kupata deliriamu juu yake. Hapo muulize anayemuuguza: "Wiki iliyopita alikuwa hivi?" Na rudia kila zamu, asubuhi anaweza kujibu sawasawa, usiku asijijue.