Glasi zinatoka na ukungu kwenye dishwasha? Angalia sabuni kabla hujamuita fundi

Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni pale Njiro alinipigia nimtafutie mteja wa dishwasha yake, eti imechoka, glasi zinatoka na ukungu na vikombe vya chai vina rangi ileile ya kahawia vilivyoingia nayo. Nikaenda. Mashine nzima kabisa, maji yanapanda, inachemsha, mikono ya kurushia maji inazunguka. Shida ilikuwa sabuni, na hii naikuta nyumba nyingi Arusha na Moshi, kwa hiyo naandika mara moja nikiulizwa niwe natuma tu.

Hatua ya 1: Safisha chujio la chini
Unajua lilipo. Toa, suuza, rudisha, kaza.

Hatua ya 2: Jua ule ukungu ni nini
Hapa usiruke, maana ukungu upo wa aina mbili na tiba zake zinapingana. Chukua glasi moja yenye ukungu, ichovye nusu tu kwenye siki nyeupe kama dakika 10 hivi, suuza, kausha vizuri kwa kitambaa, halafu ishike dirishani. Nusu iliyochovywa ikiwa imeng'aa, hiyo ni chokaa ya maji, yaani maji yako ni magumu na sabuni au chumvi ya mashine haitoshi. Kama nusu zote mbili zinafanana, glasi yenyewe imelika. Ukiigeuzageuza kwenye mwanga unaona kama rangi za mafuta juu ya maji, na hapo hakuna siki wala limao litakaloirudisha, hiyo imeshakwenda.

Kuna utando wa tatu, mweupe wa ungaunga, ukipitisha kidole chenye maji unatoka. Huo ni sabuni ambayo haikuyeyuka au haikusuuzika, usikuumize kichwa.

Za yule dada zilikuwa zimelika. Akabisha, "Kaka, maji ya Arusha si unayajua, angalia meno yetu." Na hapo ndipo wengi wanapopotea. Meno yanabadilika rangi kwa sababu ya floridi, ila maji kuwa magumu ni habari ya kalisiamu na magnesiamu. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana floridi na sodiamu kwa wingi lakini kalisiamu kidogo, yaani yanaweza kuharibu meno na bado yakawa laini. Sasa wewe ukisoma ushauri wa watu wenye maji ya chokaa, "ongeza sabuni, jaza chumvi", unamwaga vyote. Kwenye dawa ya dishwasha kuna vitu kazi yake ni kukamata kalisiamu, na kwenye maji laini havina cha kukamata, vinabaki huru, vikichanganyika na ukali wa sabuni na joto vinaanza kuila glasi kidogokidogo kila mzunguko.

Lakini visima havifanani, hata mtaa mmoja, kwa hiyo pima. Kwangua sabuni ya mche kidogo (ya mche kweli, siyo ya maji wala ya unga), tia kwenye chupa yenye maji ya bomba nusu, tikisa. Povu likijaa na maji ya chini yakabaki meupe kiasi tu, maji ni laini. Povu likigoma na ukaona vimabonge vya utando vinaelea, ni magumu. Chupa ya yule dada ilijaa povu mpaka shingoni.

Hatua ya 3: Chagua aina ya sabuni
Mimi ni mtu wa unga, sifichi. Unga unaupima mwenyewe. Kidonge kimeshapimwa kiwandani, mara nyingi gramu 15 mpaka 20, uwe na vyombo vichache au vimejaa, maji laini au magumu, ni kilekile. Kama maji yako ni magumu na unajaza mashine kila siku, sawa, endelea na vidonge. Ila usivitumie kwenye programu ya nusu saa, havimaliziki, utakuta kipande kimebaki kwenye kidroo. Na usikishike na mikono yenye maji, kinanata. Vile vyenye ngozi laini inayoyeyuka usivimenye, ila vya karatasi ya nailoni ya kawaida lazima umenye, nimeshaona watu wameingiza na nailoni yake.

Jeli inayeyuka haraka na haiachi ungaunga, ndio sifa yake. Tatizo ni chai. Rangi ya chai inatolewa na dawa ya kung'arisha, na jeli nyingi hazina kwa sababu kwenye kimiminika inaua vile vimeng'enya vya kukata wanga na mayai. Yule dada ndugu yake alimshauri ahamie jeli, akahamia, glasi zikaendelea kulika kwa sababu alikuwa anajaza kidroo mpaka juu, na vikombe vikabaki kahawia. Hasara mara mbili.

Unga nao una ubaya wake, ukipata unyevu unashikana mawe. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na sinki.

Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono na sabuni ya unga ya nguo: HAPANA. Povu litatokea mlangoni mpaka sebuleni.

Hatua ya 4: Kipimo
Maji laini, vyombo vya kawaida: kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, karibu gramu 15. Kidroo nyingi zina mistari ya 15 na 25 ndani, ishia mstari wa chini. Masufuria yenye mafuta yaliyogandia, au maji magumu, panda kuelekea 25. Kidroo kiwe kikavu na usiweke sinia au ubao wa kukatia mbele yake, mlango wake hautafunguka na sabuni itabaki humohumo. Usitupe kidonge cha ziada chini ya mashine pia, maji ya mwanzo yakimwagwa yanaondoka nacho kabla kazi haijaanza.

Kama mashine ina sehemu ya chumvi na maji yako ni laini, shusha mpangilio wa kulainisha maji mpaka wa chini kabisa. Wa yule dada ulikuwa kama ulivyotoka kiwandani, maji laini yanalainishwa tena!

Tulichofanya: unga kijiko kimoja, programu ya 50°, kulainisha maji kumezimwa. Alinunua glasi mpya za seti moja, nikamwambia moja asiiingize kabisa kwenye mashine, akae nayo kabatini awe analinganisha. Mpaka sasa zinafanana. Vikombe vya chai vilibaki na kivuli kidogo, kwa hiyo vile anavikusanya na sahani, anaosha kwa 65° na kijiko kimoja na nusu, bila glasi ndani.

Hatua ya 5: Umeme ukikatika katikati
Ukirudi, mashine nyingi zinaendelea pale zilipoishia, nyingine zinamwaga maji na kuanza upya. Fungua uangalie kidroo. Kama kiko wazi na kitupu na mashine inaanza mwanzo, weka sabuni tena kipimo kilekile. Kama inaendelea tu, usiongeze kitu. Na sufuria za alumini toa kabisa humo, zitatoka nyeusi hata kwa kijiko kimoja.