Somo: Kutoka kituo hadi kituo kwa sekunde chache kabisa (tuktuk ya Malindi)

Juzi nilipanda tuktuk kwenye Barabara ya Lamu hapa Malindi pamoja na kijana ninayemfundisha hesabu jioni. Alikaa upande wa kuuona mshale wa spidi, akaniuliza: "Maalim, kutoka aliposhuka yule mama hadi tutakaposhuka sisi, dereva akiendesha vile vile asizidishe, anaweza kutumia sekunde chache kabisa ngapi?" Nilimwambia tusubiri tufike, kisha tukatafuta kivuli tukaifanya. Nawaletea hesabu yenyewe, maana wengi huirukia fomula wakapata jibu linalofanana na la kweli lakini si lenyewe.

Namba zetu tulizipata ndani ya tuktuk. Dereva alipoondoa, mshale ulitoka 0 hadi 36 huku kijana akihesabu sekunde 10. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde inayopita chombo kinaongeza kasi ya mita 1 kwa sekunde. Huo ndio mchapuko, tuuite `a = 1`. Alipofunga breki, mshale ulirudi kutoka 36 hadi 0 kwa sekunde 5, yaani kila sekunde kasi inapungua kwa mita 2 kwa sekunde. Hiyo tuiite `b = 2`. Katikati ya safari mshale ulitulia kwenye 43 na kitu, na dereva hakupita hapo. Umbali tuliupima kwa hatua baadaye, tukauchukua kuwa mita 300.

Hatua ya kwanza: vizio viwe vya aina moja

Mshale unasema kilomita kwa saa, mchapuko wetu ni wa mita na sekunde. Gawanya kwa 3.6: kilomita 43.2 kwa saa ni mita 12 kwa sekunde. Hicho ndicho kikomo chetu, `V = 12`. Ukiacha 43 iingie kwenye hesabu kama ilivyo, hutapata hata dalili ya jibu.

Hatua ya pili: chora kabla ya kukokotoa

Chora mstari wa muda ulalo na mstari wa kasi wima. Safari inaanza chini kabisa, inapanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, inafika 12 na kwenda sawasawa kama paa la makuti lililotandazwa, kisha inashuka kwa mteremko mkali zaidi hadi chini. Umbo hilo ni trapeza, na eneo lililo chini yake ndio umbali. Kama kuna jambo moja la kushika katika somo hili, ni hilo: eneo chini ya grafu ya kasi ni umbali uliosafiri. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Hatua ya tatu: je, nafasi ya kufika kwenye kikomo ipo?

Hapa ndipo watu wanaporuka. Kufika kasi ya 12 kwa mchapuko wa 1 kunachukua sekunde 12. Kasi ya wastani katika muda huo ni 6, kwa hiyo chombo kinakula mita 72. Kusimama kutoka 12 kwa breki ya 2 kunachukua sekunde 6, kwa wastani ule ule wa 6, mita 36. Jumla ni mita 108. Sisi tuna 300, kwa hiyo nafasi ipo na inabaki.

Hatua ya nne: malizia

Mita zilizobaki ni 300 − 108 = 192. Kwa kasi ya 12 hizo ni sekunde 16. Basi safari nzima ni 12 + 16 + 6 = sekunde 34. Ukitaka kwa mkato:

```
T = d/V + V/(2a) + V/(2b)
T = 300/12 + 12/2 + 12/4 = 25 + 6 + 3 = 34
```

Tazama ile 25. Ndiyo sekunde ambazo tuktuk ingetumia kama ingepita vituo vyote viwili ikiwa tayari kwenye 12 bila kusimama. Zile 9 za ziada ni gharama ya kuondoka na kusimama, na hazitegemei umbali hata kidogo. Tutazirudia kwenye maswali.

Tunajuaje kwamba haiwezekani chini ya 34?

Kijana wangu hakuridhika na fomula, na alikuwa na haki. Rudi kwenye mchoro. Dereva yeyote anayeanza kwenye sifuri na asiyeweza kuchapuka zaidi ya 1, grafu yake haiwezi kupita juu ya ule mstari wa kupanda. Kwa kuwa lazima afike akiwa amesimama, na breki yake haizidi 2, haiwezi pia kupita juu ya mstari wa kushuka. Na kikomo kinamzuia kupita 12. Kwa hiyo mistari hiyo mitatu ni paa, na grafu ya kila dereva inakaa chini ya paa hilo. Mwenye eneo kubwa kabisa ni yule anayelifuata paa lenyewe.

Sasa jaribu kumpa sekunde 30 tu. Paa linakuwa fupi: 12 za kupanda, 12 za kwenda sawa, 6 za kushuka. Eneo lake ni 72 + 144 + 36 = mita 252. Hata akifanya yote sawasawa anaishia mita 48 kabla ya kituo. Ukimpa 34, paa linafunika mita 300 kamili.

Vituo vikikaribiana

Ndani ya mitaa, kama Kisumu Ndogo, abiria mmoja anashuka na wa pili anataka kushuka baada ya nyumba chache tu. Tuchukue mita 75. Hatua ya tatu ilishatuambia kwamba kufika 12 na kusimama kunahitaji 108, kwa hiyo hapa tuktuk haitafika 12 kamwe. Trapeza inapoteza sehemu ya juu na kubaki pembetatu: dereva anachapuka hadi mahali fulani, kisha anafunga breki papo hapo.

Kasi ya kileleni tuiite `v`. Mita za kupanda ni `v²/2`, za kushuka ni `v²/4`, na jumla yake lazima iwe 75. Robo tatu ya `v²` ni 75, kwa hiyo `v²` ni 100, na `v` ni 10. Sekunde 10 za kupanda, 5 za kushuka, jumla 15. Kwa herufi:

```
v = √(2abd/(a+b))
T = v/a + v/b
```

Hakikisha kwa eneo: nusu ya 15 mara 10 ni 75. Imekaa.

Kosa lenyewe sasa. Mtu akiruka hatua ya tatu na kutumia fomula ya trapeza kwa mita 75, anapata 75/12 + 6 + 3 = 15.25. Robo sekunde tu kutoka kwenye jibu la kweli! Hakuna kinachomshtua, anafunga daftari. Lakini mwambie azitaje sehemu moja moja: mita za kwenda sawa ni 75 − 108 = −33, kwa muda wa sekunde −2.75. Muda hasi haupo. Ndiyo maana nasisitiza zile sehemu tatu ziandikwe kila moja peke yake. Ukiandika jumla tu, alama ya hasi inajificha ndani yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Gede: Shikamoo maalim. Hiyo 15.25 ni kubwa kuliko 15. Mimi nilidhani anayevunja masharti, akajifanya amefika 12, atapata muda mdogo. Mbona amepata mkubwa?

Marahaba. Fomula ya trapeza ikitumiwa mahali pasipofaa inaeleza safari ya ajabu: chombo kinachapuka hadi 12, kinafika mita ya 72, yaani mita 3 kabla ya kituo, kinahesabiwa mita 33 za kurudi nyuma kwa muda hasi, kisha kinafunga breki. Kinalipa gharama nzima ya kupanda hadi 12 na kushuka, sekunde 18, halafu kinarudishiwa 2.75 tu. Yule wa pembetatu alilipa 15 tangu mwanzo. Chukua `d/V + V/(2a) + V/(2b)` na ubadilishe `V` pole pole huku umbali ukibaki 75: thamani ndogo kabisa inaangukia `V = 10`, kasi ile ile ya kilele cha pembetatu. Ukiizidi, jibu linaanza kupanda tena. Kwa hiyo kosa hili daima linatoa muda mrefu kuliko wa kweli, kamwe si mfupi.

Mwanachama wa Mambrui: Maalim, kwa zile mita 300, tuseme ni matatu yenye `a` na `b` hizo hizo lakini dereva ana haraka. Akiachiwa bila kikomo ataokoa ngapi?

Tumia pembetatu. `v²` mara robo tatu ni 300, kwa hiyo `v` ni 20, yaani kilomita 72 kwa saa. Muda ni 20 + 10 = sekunde 30. Kutoka 43 hadi 72, katikati ya mji ambapo sheria ya Kenya inasema 50, anaokoa sekunde 4. Na angalia kasi hiyo ya 72 anaigusa kwa nukta moja tu, kisha lazima aikanyage breki kwa mita 100 nzima. Akitaka hata sekunde 29, injini na breki hizo hazimpi, hata barabara iwe tupu.

Mwanachama wa Maweni: Mimi ni dereva wa tuktuk. Kwenye hizo mita 300 umesahau tuta, kaka. Na abiria wa kushuka katikati je?

Ahsante ndugu yangu, tuanze na abiria. Akishuka kwenye mita 150, una vipande viwili vya 150, na kila kimoja ni 150/12 + 9 = 21.5. Jumla 43. Kusimama kumekugharimu zile sekunde 9, mbali na muda wa kutafuta chenji.

Tuta sasa. Tuseme unalipita kwa mita 4 kwa sekunde, kilomita 14 hivi kwa saa. Kutoka 12 hadi 4 breki inachukua sekunde 4, na kasi ya wastani ni 8, kwa hiyo mita 32. Kupanda tena hadi 12 ni sekunde 8, mita 64. Umetumia sekunde 12 kwenye mita 96 ambazo ungezipita kwa 8 bila tuta. Hasara ni 4, safari inakuwa 38. Kwa kasi yoyote `u` ya kupita tuta:

```
hasara = (V − u)²/(2V) × (1/a + 1/b)
```

Weka `u = 4` upate 4. Weka `u = 0` upate 9, kwa sababu kusimama ni tuta la kasi sifuri. Sharti ni lile lile la hatua ya tatu: kabla ya tuta uwe na angalau mita 72 + 32 = 104 tangu kituo, na baada yake 64 + 36 = 100 hadi kituo kinachofuata. Tuta likiwa karibu zaidi na kituo, upande huo hufiki 12, na itabidi uuchoree pembetatu yake.